Toronto ya Miembe kwa Toronto ya Baridi: Kunyoosha Barua ya Rafiki Bila Kuizima
Maneno niliyosema Tabora mbele ya kikundi cha wanaowaandikia wenzao barua, nimeyaweka hapa karibu kama yalivyotoka mdomoni

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliojazana karibu na mlango ili mtoke mapema: mwangaluka.

Nimeitwa niseme kuhusu kazi ambayo wengi wenu mnaifanya bila kulipwa. Mama anakuja na karatasi ya daftari, kaandika pande zote mbili mpaka pembezoni, anakwambia, "Mwanangu, ninyooshee hii barua ya rafiki yangu aliye nje." Unakaa, unanyoosha. Ukimsomea, anaitikia kwa adabu, anashukuru, na usoni unaona kabisa kwamba hiyo barua si yake tena. Leo nataka tuangalie kinachopotea hapo katikati, na nitatumia barua moja tu. Mwenyewe yumo humu ndani. Amenikubalia kwa sharti kwamba nisimtaje yeye wala waliomo, kwa hiyo majina yote nimeyatoa, nimeacha shangazi, jirani na mwenyekiti.

Mwandikiwa alikua naye hapa hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, wakasoma pamoja, wakaiba maembe pamoja. Sasa yuko Kanada, mji wa Toronto. Vijana mnaouita mji wetu huu Toronto mtaelewa mara moja kwa nini barua inaanza hivi: "Kwako wewe wa Toronto ya baridi, kutoka kwangu mimi wa Toronto ya miembe."

Kijana aliyeinyoosha mara ya kwanza aliukata mstari huo. Akaweka, "Mpendwa rafiki, natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya." Nilipomuuliza sababu akasema shuleni walifundishwa hivyo. Ni kweli walifundishwa, na mwalimu hakukosea. Alikuwa anawafundisha umbo la barua ya kirafiki: anwani moja juu kulia, tarehe chini yake, salamu, kiini, kuaga, jina. Umbo hilo ni zuri na nalitetea. Ila mwalimu hakusema kwamba mtu akishapata salamu yake mwenyewe mumnyang'anye mumpe ya darasani.

Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu ninyi nanyi, isomeni barua nzima mkono ukiwa mtupu. Isome tena, safari hii utafute sentensi ambazo hakuna mtu mwingine mjini hapa angeziandika. Zipigie mstari kwa penseli. Hizo haziguswi, hata kama tahajia yake inakukera. Sahihisha herufi, acha maneno. Katika barua hii nilizipata nne, na ya Toronto ilikuwa ya kwanza.

Sasa salamu zenyewe. Wako wanaosema tuzipunguze, mtu wa nje hana muda. Mimi nakataa. Kwetu mtu akikuingilia na habari moja kwa moja, bila hujambo wala za siku nyingi, moyo unaruka, kwa sababu hivyo ndivyo msiba unavyobisha hodi. Barua isiyo na salamu inamtia rafiki hofu kabla hajafika mstari wa tatu. Kinachofaa kuondolewa ni kurudia. Mama huyu aliuliza hali mara tatu katika ukurasa mmoja, na mara zote tatu alisema "sisi huku wazima." Nikaacha moja, nikamuuliza, "Wazima wote?" Akasema, "Wazima, ila goti la mama." Basi tukaandika: "Sisi huku wazima, isipokuwa goti la mama, ambalo sasa linatabiri mvua kuliko redio." Maneno hayo ni yake, aliyasema akiwa amekaa mbele yangu. Mimi niliyaandika tu.

Hapo mmeiona nusu ya kazi. Mnyooshaji anauliza kuliko anavyoandika. Ukiona sentensi haina ladha usiende kuitia ladha yako. Muulize mwenyewe, atakupa.

Tufike penye shughuli. Hiki ni kipande kama alivyokiandika:

"Shangazi alikwenda kwa jirani kumdai lile debe la karanga akamkuta anasonga ugali akamwambia hana akamwambia atamsema kwa mwenyekiti akacheka akamwambia hata yeye anamdai basi akakaa akala mpaka leo karanga hatujaziona na mwenyekiti naye anasema anamdai."

Mmecheka kwa sababu nimesoma kwa sauti, nikageuka huku kwa shangazi na kule kwa jirani, na mikono imenisaidia. Karatasi haina mikono. Kitenzi chetu hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke, mkubwa au mdogo. Wote ni a-. Na ile -ka- ya kusimulia ina tabia yake: msomaji akiona akaenda, akakuta, akasema, anaamini mtendaji ni yule yule aliyeanza. Anaendelea kumfuata shangazi. Akifika "akacheka" anadhani shangazi ndiye aliyecheka, na kuanzia hapo kisa kizima kimepinduka. "Hata yeye anamdai" ndiyo kabisa: nani anamdai nani?

Njia ya kupima ni rahisi. Weka kidole kwenye kila kitenzi, uliza kwa sauti, "Nani?" Ukichelewa kujibu, hapo pana shimo. Katika kipande hiki watu wanabadilishana kwenye "akamwambia hana," kisha kwenye "atamsema," kisha kwenye "akacheka," kisha tena kwenye "akakaa." Hapo ndipo pa kumtaja mtu. Msimtaje kwenye kila kitenzi, maana mtapata maelezo ya polisi: shangazi alikwenda, shangazi alikuta, shangazi alisema. Mtaje tu pale mtendaji anapobadilika, halafu iachie -ka- ikimbie mpaka mabadiliko mengine.

Yule kijana wetu alikiona hicho kipande kuwa kibovu, na alikuwa na haki. Akakitengeneza hivi:

"Shangazi alifika nyumbani kwa jirani kwa lengo la kufuatilia deni lake la karanga debe moja. Hata hivyo, jirani alieleza kuwa hakuwa na karanga kwa wakati huo. Baada ya majadiliano ilibainika kuwa mwenyekiti wa mtaa naye anadaiwa na jirani. Suala hilo bado halijapatiwa ufumbuzi."

Sasa mmecheka kwa sababu nyingine. Kila sentensi hapo inaeleweka, karani wa mahakama ya mwanzo angeipokea bila swali. Lakini ugali umekwenda wapi? Shangazi alikula, hilo ndilo jambo lenyewe! Kijana alidhani kisa ni cha deni la karanga. Kisa ni cha mtu aliyekwenda kudai akarudi ameshiba. Ukikosea hapo, ukaweka koma zote mahali pake, bado umeandika barua nyingine. Na yale maneno ya "kwa lengo la," "ilibainika," "suala hilo" yana kazi yake kwenye muhtasari wa kikao. Rafiki wa utotoni akiyaona atajiuliza, huyu ameudhika na mimi au amepata kazi halmashauri?

Nikamwendea mwenyewe na maswali mawili. La kwanza: mwenyekiti na jirani, nani anamdai mwenzake? Akacheka sana. Kumbe kila mmoja anasema yeye ndiye anayedai. Mnaona? Ule utata ulikuwa umefunika mzaha wa pili, na tungeusafisha haraka haraka tungeuondoa. La pili: shangazi aliporudi nyumbani mikono mitupu, mlimuuliza nini, naye alijibu nini? Akanipa jibu ambalo hakuwa ameliandika kabisa, kwa sababu kwao nyumbani wote wanalijua. Tukaishia hapa:

"Shangazi alikwenda kwa jirani kudai debe lake la karanga, akamkuta anasonga ugali. Jirani akamwambia karanga hana. Shangazi akasema atamshitaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Jirani akacheka: 'Nenda, na ukifika mwambie bado namdai.' (Mwenyekiti anasema ni yeye anayemdai jirani. Hilo tuwaachie wenyewe.) Shangazi akakaa, akanawa, akala. Aliporudi tukamuuliza, karanga ziko wapi? Akatujibu, 'Ulikuwa na mlenda.'"

Tazameni nilichoondoa: "mpaka leo karanga hatujaziona." Ni kweli, hawajaziona, lakini msomaji ameshajua. Ungeliacha baada ya mlenda, ungekuwa unamvuta mtu shati wakati anacheka. Jambo la mwenyekiti nalo lilitokea baadaye, siku nyingine, mimi nikalirudisha katikati kwenye mabano. Mnaruhusiwa kufanya hivyo mradi mfuatano usidanganye. Barua ya rafiki si shahidi wa kiapo. Kicheko kikubwa kiwekeni mwisho wa kipande na mkiache hapo. Msiongeze "ha ha ha," wala "yaani tulicheka sana." Mkisema mlicheka, yeye hatacheka.

Nipite haraka kwenye saa na siku, ni jambo dogo lakini linagombanisha. Barua inaweza kwenda na posta, au ikakaa kwenye begi la msafiri mpaka apatikane wa kuipeleka. "Jana" yako si jana yake. Andika tarehe, au taja tukio analolijua: siku ya pili baada ya Idi, wiki ile shule zilipofungwa. Na saa, jamani. Mama huyu aliandika, "Nipigie Jumamosi saa mbili." Saa mbili ipi? Aliyekaa Kanada miaka mingi akisoma mbili anaweza kuiona ya kule, ambayo kwetu ni saa nane. Tukaandika, "saa 2 usiku, saa za Tabora." Kijana akataka kuongeza saa ya Toronto kwenye mabano. Nikamzuia, kwa sababu wenzetu wale husogeza saa zao mbele mwezi wa 3 na kuzirudisha mwezi wa 11. Usiku wetu wa saa 2 kwao ni saa 7 mchana wakati wa kiangazi na saa 6 mchana wakati wa baridi. Yeye mwenyewe anajua yuko wapi, atahesabu.

Sasa kuna jambo ambalo najua litawagusa, kwa hiyo nalisema polepole. Ombi. Barua iliandika hivi: "Mengine ya nyumbani si mabaya sana, ila mvua zimekuwa nyingi na nyumba ya mama unaijua, lakini Mungu yupo, wewe usijali kabisa, endelea tu na maisha ya huko."

Kila aliyemo humu amesikia paa linavuja. Rafiki aliye mbali atasikia mojawapo ya mawili. Ama ataona ni habari ya mvua, apite. Ama atalala macho wazi akijiuliza nyumba imeanguka, wanataka kiasi gani, na kwa nini ananiambia nisijali. Upole wetu umempa kazi ya kupiga ramli. Nikamuuliza mama, "Unataka kitu?" Akatazama chini, halafu akasema bati tano. Tano tu! Tukaandika:

"Chumba cha nyuma cha mama kinavuja. Fundi anataka bati kumi na mbili, mimi ninazo saba. Ukiweza tano, nitashukuru. Usipoweza niandikie tu kwamba huwezi, hizi saba tutazipiga upande wa kitanda, na upande wa kabati kabati lioge."

Angalieni lilivyojengwa. Hali kwa sentensi moja, hesabu, yeye mwenyewe ametoa ngapi, anachoomba, na mlango wa kutokea ulio wazi. Mzaha wa kabati umekuja mwisho, baada ya mlango, na unafanya kazi: unamwambia rafiki kwamba akikataa hatapoteza mtu. Ungeuweka mwanzo ungeonekana unapaka asali kwenye ombi. Na ombi likae aya yake peke yake, mbali na habari za msiba. Ukiliweka chini ya msiba, hata kama hukukusudia, linasomeka kama mchango wa lazima.

Msiba ulikuwepo. Mzee wa duka la kona, aliyekuwa akiwapa peremende za nyongeza walipokuwa wadogo, amefariki. Mama aliliandika kwa nusu sentensi, baada ya mzaha wa baridi na kabla ya habari ya paka. Si kwamba hakuumia. Aliandika kadiri mambo yalivyomjia, kama tunavyozungumza kibarazani. Kwenye karatasi hilo linajeruhi, maana rafiki anafika pale akiwa bado anatabasamu. Tukalitoa, tukaliweka baada tu ya salamu, aya yake yenyewe: nani, lini, alizikwa wapi, na sentensi moja aliyoisema mama kwa sauti ya chini nami nikamwomba aiandike kwa mkono wake, "Nilimwaga udongo mara mbili, mara moja kwa ajili yako." Hiyo sikuigusa hata nukta.

Lakini barua haiwezi kutoka hapo ikaruka kwenye karanga za shangazi. Inahitaji daraja fupi. Mama alilitoa mwenyewe: "Sasa nikuchekeshe kidogo, najua umeshika shavu." Mstari mmoja huo unampa ruhusa ya kucheka. Bila ruhusa, mtu aliye peke yake ugenini anaona aibu kucheka baada ya msiba, anaifunga barua.

Utani nao una taratibu zake. Baba wa rafiki huyu ni Mzaramo, mwenye barua ni Mnyamwezi. Wazee mnajua utani wa hawa wawili umeanza tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Kwa hiyo barua ilikuwa na hii: "Nasikia baridi ya huko inaua watu, wewe inakusubiria nini?" Mkisikia hapa hamshangai. Lakini macho ya rafiki yamechoka, barua zake husomewa na binti yake aliyezaliwa kule. Binti hajawahi kuona mtani akiingia msibani akadai jeneza lifunguliwe amalize deni. Atasoma mstari ule atamtazama mama yake.

Kijana alitaka kuongeza "natania tu." Hapana. Ukisema unatania umeshaomba radhi, na utani hauombi radhi. Tulichofanya ni kuhamisha neno moja. Mahali pengine kwenye barua alikuwa amemwita "mtani." Tukaliondoa kule tukaliweka mbele kabisa ya sentensi hii: "Mtani wangu, nasikia baridi ya huko inaua watu, wewe inakusubiria nini?" Binti akianza kusoma na neno hilo, mama yake atakuwa ameshaanza kucheka kabla sentensi haijaisha, na binti ataelewa kutoka usoni kwa mama yake. Hakuna maelezo yatakayompa zaidi ya hapo.

Mwisho wa barua kulikuwa na orodha ya wanaomsalimu. Watu kumi na wanne, wengine kwa majina ya utani ambayo nisingeyarudia mbele ya shehe. Kijana aliifuta yote akaweka "wote wanakusalimu." Ilikuwa kuokoa nafasi, alisema. Jamani, orodha ile ndiyo gazeti la mtaa. Mtu wa mbali anaisoma akihesabu. Bibi yumo? Yumo. Yule aliyekuwa anaumwa? Yumo, basi kapona. Aliyegombana naye yumo? Ooh, kumbe wamepatana. Akikosekana mtu mmoja atajua kuna jambo, na akikuta "wote" hajui kitu. Tukawarudisha, isipokuwa mmoja. Nilichoomba ni kwamba mzee wa duka asiwemo kwa bahati mbaya, kwa sababu mama alikuwa ameinakili orodha kutoka barua ya zamani, naye alikuwemo, namba sita.

Na chini kabisa, baada ya jina, paliandikwa kwa herufi ndogo: "Nyongeza: binti yangu wa kwanza amepata mchumba, posa imeshaletwa." Nyongeza! Nilimwuliza mama kama amesahau. Akasema hapana, alikuwa anaona haya kuanza na furaha yake. Haya hiyo naielewa, lakini rafiki angeuliza mara ya kwanza ya simu, "Kwa nini hukuniambia?" wakati ameambiwa. Tukaipandisha juu, baada ya daraja lile la kuchekesha na kabla ya karanga. Nyongeza tukaiacha na kitu kinachostahili kuwa nyongeza, yaani paka, ambaye amezaa tena kwenye kabati lile lile.

Barua nzima ilipoisha tulimpa mtu asiyemjua shangazi wala jirani aisome kwa sauti, sisi tukae kimya. Aliuliza "nani?" mara moja tu, penye mchumba, tukaongeza neno. Alicheka kwenye mlenda na kwenye kabati. Penye udongo alinyamaza kidogo kisha akaendelea. Tukaikunja.

Nimeambiwa kina mama wa Ipuli wamekuja na barua mbili. Nileteeni ile ndefu kwanza, na mwenye barua aje akae hapa karibu nami, maana nitamuuliza maswali.